Safari Iliyopokelewa Pungufu

Mama Pacha alikuwa mtunza stoo wa hospitali, na kazi ile ilikuwa imemwingia mpaka kwenye mifupa. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amepokea maboksi ya glovu, madumu ya sabuni na marobota ya mashuka, na hakuwahi hata siku moja kutia saini kabla hajahesabu. Dereva wa lori akilalamika kwamba anachelewa, akapiga honi, akasema "Mama, niamini tu," yeye alijibu, "Ninakuamini sana, baba. Fungua boksi." Kikikosekana kitu aliandika kwenye karatasi ya kupokelea, kwa herufi kubwa: IMEPOKELEWA PUNGUFU. Ndipo akatia saini.

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa kinyume chake kabisa. Alikuwa mwalimu wa udereva, mtu mpole aliyeshinda kutwa nzima kando ya watu wanaotaka kumuua bila kukusudia, naye akiwaambia "vizuri, vizuri sana, sasa kanyaga breki." Akipewa chai baridi hotelini aliinywa na kushukuru. Alivaa viatu vinavyombana mwaka mzima kwa kuwa aliona haya kumrudishia muuzaji.

Safari yenyewe ilikuwa kwa ajili ya Bibi, mama mzazi wa Baba Pacha, ambaye alikuwa ameshona sare za shule kwa miaka arobaini na sasa amestaafu. Alipoulizwa anataka zawadi gani, Bibi hakusita. "Nataka kumwona tembo," alisema. "Wa kwenye televisheni nimemchoka, ni mdogo kama mbuzi."

Basi wakajichangachanga karibu mwaka mzima, wakaenda kwenye ofisi ya kampuni moja ya utalii iliyokuwa ghorofa ya pili juu ya duka la rangi. Mkurugenzi wa kampuni aliwapokea mwenyewe. Alikuwa na tabasamu pana na kizibao cha kaki chenye mifuko kumi na sita. Pacha, wasichana wawili wa miaka tisa, waliihesabu wakati wakubwa wakizungumza, na tangu hapo jina lake nyumbani likawa Bwana Mifuko.

"Siku nne, usiku tatu," alisema Bwana Mifuko akiisukuma ratiba mezani. "Mtalala ndani ya hifadhi, hotelini, ukingoni mwa bwawa. Bibi akifungua pazia asubuhi, tembo huyo hapo, anakunywa maji. Gari ni fowili, magurudumu yote manne yanavuta, paa linafunguka, mnasimama mnapiga picha. Kila mtu na dirisha lake."

"Hayo yote yameandikwa?" aliuliza Mama Pacha.

"Yameandikwa, mama. Ukurasa wa pili."

Akausoma ukurasa wa pili. Akausoma na wa tatu, wenye maandishi madogo kama chawa. Ndipo Baba Pacha akalipa, wakapewa risiti.

*

Asubuhi ya kuondoka, kilichosimama mlangoni hakikuwa fowili. Lilikuwa basi dogo jeupe lenye viti vilivyochanika na madirisha sita, ambalo paa lake lilikuwa limefungwa kwa boliti tangu enzi na enzi. Dereva alishuka akivua kofia. Alikuwa mtu mzima mwenye uso wa upole, na aibu ilikuwa imemjaa mpaka masikioni.

"Fowili iko gereji," alisema. "Giaboksi. Wameniambia nije na hili."

"Si neno, ndugu yangu," alidakia Baba Pacha kabla mkewe hajafungua mdomo. "Gari ni gari."

Mama Pacha akalizunguka basi kama anayekagua shehena. Akajaribu madirisha. La kwanza halikufunguka, la pili vilevile. Katika sita, lilifunguka moja, nalo kwa kulibembeleza. Akatoa simu, akapiga picha sita.

Saa tisa alasiri wakafika karibu na hifadhi, na badala ya kuingia getini dereva akakata kushoto. Walikwenda, wakaenda, wakaenda. Kilomita arobaini na saba baadaye wakasimama mbele ya jengo refu la matofali lenye kibao: HOSTELI YA MAFUNZO. Ndani mlikuwa na vyumba vyenye vitanda vya ghorofa, bafu mwisho wa korido, na kengele kubwa ya chuma.

"Na bwawa?" aliuliza mmoja wa pacha.

Dereva akamwonyesha tangi la maji.

Hoteli ya ndani, alieleza, ilikuwa imejaa. Ofisi ndiyo iliyomwambia. Yeye ni wa kuambiwa tu. Mama Pacha akampa pole, maana aliona wazi kwamba mtu huyu hakuwa na kosa, kisha akakaa kwenye ngazi akamwandikia Bwana Mifuko ujumbe: "Tumefika. Hatukupewa hoteli ya ndani ya hifadhi, tumeletwa hosteli iliyo nje, km 47 kutoka getini. Gari si fowili, paa halifunguki, dirisha linalofunguka ni moja kati ya sita. Tunaomba mrekebishe kesho. Tumepokea pungufu." Akaambatisha na picha.

Jibu lilikuja baada ya saa moja: "Pole sana mama yangu. Ni kweli kuna changamoto. Vumilieni, tutaliangalia mkirudi."

Hakuna kilichorekebishwa. Kila asubuhi walisafiri saa moja na nusu juu ya barabara ya mawe kabla ya kulifikia geti, na walipoingia, jua lilikuwa limeshapanda na kila mnyama mwenye akili timamu amejichimbia kivulini. Walimwona twiga mmoja, kuanzia magoti hadi kifuani, kwa sababu dirisha halikuruhusu zaidi. Pacha walipokezana lile dirisha moja kwa zamu za dakika tano, na kwenye zamu zao waligombana kama wabunge. Siku ya tatu klachi ikaungua. Baba Pacha, aliyekuwa ameisikia ikilalamika tangu siku ya kwanza na kuuma ulimi kwa adabu, alilala chini ya basi pamoja na dereva kwa saa nne wakisubiri kifaa kiletwe na pikipiki. Walipotoka chini, weusi kama makaa, walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana.

Kuwaona tembo, waliwaona. Walikuwa wanne, wakiondoka. Familia nzima ilipata picha nzuri sana za makalio.

Aliyefurahi peke yake alikuwa Bibi. Hosteli ile, siku zilezile, ilikuwa imekodiwa kwa semina ya wachanjaji kuku, watu thelathini kutoka kila upande, na Bibi alikuwa na kuku wake kumi na wanne nyumbani ambao kila mwaka ugonjwa uliwafyeka. Jioni ya kwanza alichungulia ukumbini. Jioni ya pili alikuwa amekaa mstari wa mbele. Siku ya tatu, siku ya kufunga semina, aligoma kupanda basi kwenda hifadhini. "Twiga nimeshayaona magoti yake," alisema. "Leo tunafundishwa kumtia kuku tone la chanjo jichoni." Jioni walipomrudia, walimkuta amekabidhiwa cheti cha ushiriki chenye muhuri, na wachanjaji wawili wanampigia makofi.

Mwisho wa yote, walipofikishwa nyumbani, dereva alimpa Baba Pacha fomu ya tathmini na kalamu. Mama Pacha alikuwa ndani anafungua madirisha. Fomu ilikuwa na vipengele sita, na kila kimoja kilikuwa na visanduku vinne kutoka "mbaya" hadi "bora sana". Baba Pacha alimtazama dereva, akakumbuka zile saa nne chini ya basi, akasikia dereva akisema taratibu kwamba ofisi huzitazama hizi fomu wakati wa kupanga nani abaki kazini. Akatia tiki "bora sana" mara sita. Akatia na saini.

Hakumwambia mkewe.

*

Mama Pacha hakuliachia hapo suala la safari ile. Aliandika barua ya ukurasa mmoja, akaipeleka mwenyewe ghorofani juu ya duka la rangi, akahakikisha nakala yake imegongwa muhuri wa kupokelewa. Alitaka arudishiwe sehemu ya pesa, akatoa siku kumi na nne. Siku ya kumi na tatu Bwana Mifuko alimjibu kwa kadi nzuri yenye picha ya simba: punguzo la asilimia kumi kwenye safari ijayo.

"Safari ijayo!" alisema Mama Pacha jikoni, akiipeperusha kadi. "Yaani amenipa boksi lenye glovu nusu, halafu ananiambia nikinunua boksi jingine atanipunguzia!"

"Tungeyaacha, mke wangu," alisema Baba Pacha. Alikuwa anakunja taulo lilelile kwa mara ya tatu. "Dereva alikuwa mtu mzuri."

"Dereva simdai. Ninamdai aliyepokea pesa."

Kwa hiyo akaenda ofisi ya malalamiko ya walaji, akajaza fomu yao, akaambatisha ratiba, risiti, picha, ujumbe wa simu, barua na kadi ya simba. Karani alizipekua zile karatasi, zilizopangwa kwa tarehe na kubanwa kwa klipu, akamtazama kwa mapenzi. "Mama, wangekuwa wote kama wewe," alisema, "mimi ningekuwa natoka kazini saa nane."

Pande zote mbili zikaitwa kwa barua kuja kusuluhishwa. Karani alieleza mambo yalivyo: pale si mahakamani, hakuna anayehukumiwa, wakikubaliana, makubaliano yanaandikwa na yanawabana wote, wasipokubaliana, Mama Pacha anaweza kulipeleka dai lake kwenye mahakama ya madai madogo.

*

Chumba cha usuluhishi kilikuwa na meza ndefu, feni iliyokuwa ikizunguka kwa kujivuta, na dirisha lililotazama maegesho. Msuluhishi alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, na mbele yake palikuwa na kopo la peremende ambalo hakumkaribisha mtu. Upande mmoja walikaa Mama Pacha, mumewe na Bibi, ambaye hakuitwa lakini alikuja. Upande wa pili alikaa Bwana Mifuko, mifuko yote kumi na sita ikiwepo.

"Mama, unadai nini?" aliuliza msuluhishi.

Mama Pacha alikuwa amejiandaa. Alitaka gharama yote ya malazi, na karibu yote ya usafiri. Aliyaeleza bila kupandisha sauti, karatasi baada ya karatasi, mpaka klipu ikabaki tupu.

"Ndugu mkurugenzi?"

Bwana Mifuko akakohoa. "Kwanza, mheshimiwa, niseme ninamheshimu sana mama huyu. Lakini mkataba, ukurasa wa tatu, unasema kampuni inaweza kubadilisha malazi ikibidi. Hoteli ilijaa. Hilo liko nje ya uwezo wangu. Na pili," alifungua mfuko wa saba, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaikunjua polepole kama mtu anayefungua zawadi, "familia hii iliridhika. Hii hapa fomu ya tathmini. Malazi, bora sana. Usafiri, bora sana. Yote sita, bora sana. Na saini ya baba mwenye nyumba."

Feni ikajivuta mzunguko mmoja. Mama Pacha akageuka taratibu kumtazama mumewe. Baba Pacha alikuwa anayatazama maegesho, kama kwamba kuna mwanafunzi wake anayerudi kinyumenyume kule nje.

"Baba Pacha."

"Naam, mke wangu."

"Hiyo saini ni yako?"

"Inafanana na yangu," alisema Baba Pacha.

Miaka kumi na minne Mama Pacha alikuwa akiwafundisha watu wazima kutotia saini kabla ya kuhesabu, na mtu anayelala naye kitanda kimoja ndiye aliyepokea mzigo hewa. Hasira ilimpanda, akaimeza kwa sababu ya mama mkwe.

"Na tatu," aliendelea Bwana Mifuko, aliyeuona upepo umegeukia upande wake, "wamepata hata zaidi ya walicholipia. Bibi hapa amepata mafunzo ya siku tatu na cheti. Kwingine mafunzo kama hayo yanalipiwa! Bibi, hebu mwambie mheshimiwa. Ulifurahi, hukufurahi?"

"Nilifurahi sana," alisema Bibi. "Katika maisha yangu sijawahi kufurahi hivyo."

Mama Pacha akafumba macho. Wa kwanza mume, wa pili mkwe. Sasa imebaki pacha nao waje waseme makalio ya tembo yalikuwa mazuri kuliko uso.

"Bibi," alisema msuluhishi, "hiyo semina ulipelekwa na kampuni?"

"Nani? Huyu?" Bibi akamkagua Bwana Mifuko kwa jicho la mtu aliyewahi kuzipima suruali elfu kumi. "Huyu hata hakujua kuna semina. Nilijipeleka mwenyewe, na wenyewe wakanikaribisha, Mungu awabariki. Mwanangu, nikienda harusini viti visipoletwa, nikacheza nimesimama, nimefurahi. Lakini mwenye viti si bado anadaiwa viti?"

Msuluhishi akajifanya anaandika kitu. Mabega yake yalitikisika kidogo.

"Nionyeshe hiyo fomu," alisema alipomaliza.

Akavaa miwani, akaisoma fomu kuanzia juu hadi chini, kisha akairudia. Halafu akamgeukia Baba Pacha.

"Baba, hapa kwenye kipengele cha malazi pamechapishwa jina la hoteli. Ile ya bwawani, ndani ya hifadhi. Vyumba vya hoteli hiyo, umevipa 'bora sana'. Ulilala humo?"

"Hapana."

"Uliwahi kuingia?"

"Hapana."

"Umewahi kuiona?"

Baba Pacha akafikiri kwa uaminifu. "Kwenye kipeperushi," alisema.

"Na hapa, usafiri: 'gari la fowili lenye paa la kufunguka'. Bora sana. Ulilipanda?"

"Lilikuwa gereji."

Msuluhishi akavua miwani. "Sasa kwa nini ulitia tiki?"

Ndipo Baba Pacha akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akainua kichwa. "Kwa sababu ya dereva. Alisema ofisi inazitazama fomu hizi kujua nani abaki. Yule mtu alilala chini ya gari na mimi saa nne. Makosa hayakuwa yake. Niliona nikitia 'mbaya', atakayefukuzwa ni yeye, wala si giaboksi." Akamgeukia mkewe. "Nilipaswa kukwambia. Niliona haya."

Mama Pacha alikuwa bado ana hasira, lakini ilikuwa imepungua uzito ghafla. Alimkumbuka akitoka chini ya basi na uso mweusi, meno tu yakionekana, akicheka. Akasogeza kiti chake kidogo upande wa mumewe, kipande cha shibiri moja, na Baba Pacha akaelewa kwamba atanuniwa wiki moja tu.

"Basi fomu hii," alisema msuluhishi, "inasifu hoteli ambayo hawakulala na gari ambalo hawakupanda. Haiwezi kunisaidia kujua walichopata. Ujumbe wa simu ndio unaonisaidia, mkurugenzi. Siku ya kwanza mama alikueleza, akakupa nafasi ya kurekebisha. Na wewe ulijibu, nasoma, 'ni kweli kuna changamoto.'"

"Hoteli ilijaa, mheshimiwa."

"Ilijaa lini?" aliuliza Mama Pacha. Akachomoa karatasi ya mwisho, ambayo haikuwa kwenye klipu. "Niliwapigia watu wa mapokezi ya ile hoteli. Wakaniandikia kwa barua pepe. Nafasi zetu zilikuwa zimewekwa, vyumba viwili, kwa jina la kampuni. Zikafutwa siku kumi kabla ya safari kwa kuwa malipo ya awali hayakupelekwa. Baada ya hapo ndipo ilipojaa."

Bwana Mifuko akaingiza mkono kwenye mfuko wa tisa, akakuta hamna kitu, akautoa.

"Na huo ukurasa wa tatu," msuluhishi aliongeza, akiufungua, "unasema malazi mbadala yawe 'ya hadhi hiyohiyo'. Umeusoma mpaka mwisho wa mstari?"

Halafu Bwana Mifuko akashusha pumzi ndefu, na tabasamu lake lote likaondoka nayo. Alionekana mdogo bila tabasamu lile, mtu wa kawaida mwenye kizibao kikubwa.

"Ilikuwa giaboksi," alisema. "Pesa ya hoteli niliiweka kwenye giaboksi. Nilidhani fowili itatoka gereji, nitapata safari nyingine katikati, nitalipa hoteli kabla hawajafuta. Gari halikutoka. Safari nyingine haikuja."

"Ungetuambia," alisema Mama Pacha. "Tungeahirisha hata mwezi mzima. Bibi amemsubiri tembo miaka sitini na saba."

"Niliona haya," alisema Bwana Mifuko, na bila kukusudia akamtazama Baba Pacha, naye Baba Pacha akaitikia kwa kichwa kama mtu anayemtambua ndugu yake wa damu.

Msuluhishi akafungua lile kopo la peremende, akala moja, akavuta karatasi safi. Aliomba mchanganuo wa gharama za safari, na Bwana Mifuko akautoa bila ubishi.

"Tuchukulie mlilipa mia," alisema msuluhishi. "Kwa mujibu wa kampuni yenyewe, malazi ni thelathini na tano. Usafiri thelathini. Viingilio vya hifadhi ishirini. Chakula kumi. Kazi ya dereva kama mwongozaji, tano. Mama, wewe unataka yote thelathini na tano ya malazi, na ishirini na tano ya usafiri. Jumla sitini. Nikuulize kama mtu wa stoo. Ukiagiza mashuka mia ya pamba, ukaletewa mia ya nailoni, ukayatandika, wagonjwa wakayalalia, utasema hukuletewa kitu?"

Swali lile lilimgusa Mama Pacha kwenye kazi yake. Alitamani kusema ndiyo, hakuletewa kitu, maana zile kilomita arobaini na saba bado zilikuwa kwenye kiuno chake. Lakini hajawahi kuandika "hakuna" mahali palipokuwa na kitu, na hakutaka kuanzia leo.

"Hapana," alisema mwishowe. "Tulilala. Vitanda vilikuwa safi. Hosteli inatoza bei ndogo, niliiuliza. Kwa mia yako hiyo, ni kama sita."

"Kwa hiyo malazi unarudishiwa ishirini na tisa. Na usafiri?"

Hapo palikuwa na mvutano. Bwana Mifuko alisema basi lilifika kila lilipokwenda. Mama Pacha akasema lilifika, isipokuwa siku lilipolala barabarani saa nne. Bwana Mifuko alisema mafuta yalitumika zaidi kwa kuwa hosteli iko mbali. "Nani aliiweka mbali?" aliuliza Bibi. Baba Pacha, alipoombwa maoni yake kama mtu wa magari, alieleza kwa upole wa kutisha tofauti ya bei ya kukodi fowili na ya kukodi basi la aina ile, lenye klachi ya aina ile, na hakukosea hata senti. Mwishowe wakakutana kwenye kumi na tatu.

"Viingilio hatudai," Mama Pacha aliongeza mwenyewe. "Tuliingia kweli. Na chakula tulikula. Na ile tano ya dereva, hiyo isiguswe kabisa."

"Arobaini na mbili," alisema msuluhishi. "Kwa mafungu mawili, ndani ya siku ishirini na moja. Asipolipa, karatasi hii inakwenda mahakamani pamoja na wewe. Mmekubaliana?"

Wakakubaliana. Baba Pacha akaomba kiandikwe kipengele kwamba dereva asiadhibiwe kwa jambo hili. Msuluhishi akasema hilo haliwezi kuwa sehemu ya madai ya mlaji, lakini Bwana Mifuko anaweza kulitamka. Bwana Mifuko akalitamka, mkono kifuani, juu ya mfuko wa pili. Mama Pacha akaisoma karatasi nzima, pamoja na tarehe, kisha akampa mumewe kalamu na kumwekea kidole chini ya kila mstari mpaka naye akausoma wote. Ndipo wakatia saini.

Walipokuwa wakisubiri nakala kwenye benchi la koridoni, Bibi alimuuliza Bwana Mifuko kama fowili imepona. Imepona, alisema, ingawa gia ya tatu bado inagoma kuingia. Baba Pacha akamwuliza inagoma vipi. Walipoitwa kuchukua nakala, wanaume wale wawili walikuwa wamesimama, kila mmoja ameshika gia isiyoonekana, wanaibadilisha hewani.

*

Fungu la kwanza liliingia baada ya siku saba. La pili lilikawia. Siku ya kumi na tano Mama Pacha alitazama simu mara tatu. Siku ya kumi na nane alianza kutafuta mahali mahakama ile ilipo. Siku ya ishirini, saa nne na nusu asubuhi, akiwa stoo kati ya mapipa ya dawa ya sakafu, simu ilitetemeka. Akausoma ujumbe. Akakokotoa kwa kalamu ubavuni mwa boksi. Ilikuwa kamili, hata makato ya kutuma yalikuwa yameongezwa juu.

Alidhani atajisikia mshindi. Badala yake alijikuta anacheka peke yake mle stoo, kicheko kidogo kidogo cha mtu aliyetua mzigo, na mtu wa kwanza aliyetaka kumwambia alikuwa yule aliyetia tiki sita. Akatoka nje kwenye jua, akampigia. Mwalimu wa udereva hapokei simu akiwa kazini, lakini sauti ya simu iliita kwenye spika ya gari na mwanafunzi, mama mmoja wa makamo mwenye wasiwasi, akabonyeza kitufe akidhani ni taa.

"Imeingia!" alisema Mama Pacha. "Yote, Baba Pacha! Yote kabisa!"

Kule upande wa pili akasikia mumewe akipiga yowe la furaha, akasikia mwanafunzi akishtuka na yowe lile, akasikia gari likizimika katikati ya mzunguko wa barabara, kisha honi, nyingi, kutoka pande zote nne. Na juu ya honi zile, sauti ya mumewe, tulivu, yenye kicheko ndani yake: "Vizuri, mama. Vizuri sana. Sasa kanyaga klachi, washa tena, wala usiwajali hao."